Kuuza somo moja la Excel kwa wenye maduka: jibu kwa mhasibu wa Mwanza

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Wenye maduka jirani huja kila mara kuniuliza mambo ya Excel, na husema kwamba naeleza vizuri kuliko vyuo walikosoma. Nafundisha bure mpaka muda wangu wa kupumzika unaisha. Sasa nataka kutoza, ama kwa mtu mmoja mmoja ama kwa kundi. Nianze na somo gani, nitoze kiasi gani, na je, nifungue kundi la WhatsApp la kulipia kwa mwezi?"*

Ndugu mhasibu,

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linayabeba mengine. Kundi la kulipia kwa mwezi usilifungue kwa sasa. Mtu anayelipa kila mwezi ana haki ya kudai kitu kipya kila wiki, na wewe una ajira. Kwa hiyo baada ya muda mfupi utakuwa unaandaa masomo usiku ili kuwatosheleza watu ambao nusu yao hawayafungui. Ninachokushauri ni kinyume chake: andaa somo moja la saa 3, lenye kazi moja inayokamilika siku hiyohiyo, ulifundishe kwa watu wachache, kisha ulirudie lilelile kwa watu wengine. Kazi kubwa ya kufundisha iko katika maandalizi, na maandalizi hulipa pale tu yanapotumika mara nyingi.

Somo lenyewe tayari unalo katika simu yako. Kaa siku moja uyapitie maswali uliyoulizwa na wenye maduka, uyaandike kwenye karatasi jinsi walivyoyauliza, kisha uone ni lipi linalorudi mara nyingi. Kwa watu wa biashara kama ya jirani zako, nategemea utakuta swali la stoo: mwenye duka anataka kujua imebaki mifuko mingapi ya saruji bila kuingia ndani kuhesabu. Mtu huyo hakuja kwako kutafuta Excel. Ukitangaza "mafunzo ya Excel kuanzia mwanzo hadi mwisho", atasema ni jambo jema na hatalipa, maana haoni kesho yake itabadilikaje. Ukitangaza "Njoo na daftari lako la stoo, uondoke na faili linalokuonyesha salio la kila bidhaa", ataelewa anachokinunua na ataweza kukudai kama hakukipata. Hiyo hatari ya kudaiwa ndiyo inayomfanya aamini tangazo lako.

Kazi utakayoichagua inapaswa kuenea katika saa 3 kwa mtu aliyezoea simu zaidi ya kompyuta, na inapaswa kuanza kutumika kesho yake asubuhi. Mishahara, madeni ya wateja na hesabu za kodi ni mambo mazuri, lakini kila moja lina matawi mengi na makosa yake huonekana baada ya mwezi. Stoo hukubali au hukukatalia papo hapo: faili likisema mifuko 56 na stoo ina mifuko 56, somo limefaulu.

Nikuonyeshe somo hilo lilivyo kwa ndani, ili uone ufinyu wake unavyotakiwa kuwa. Faili lina karatasi tatu tu. Ya kwanza inaitwa Bidhaa, ina majina ya bidhaa katika safu ya A na salio katika safu ya B. Ya pili inaitwa Ingia na ya tatu Toka, na zote mbili zina safu tatu zinazofanana: tarehe katika A, jina la bidhaa katika B, na idadi katika C. Mzigo uliokuwepo siku ya kuanza unaandikwa katika Ingia kama mzigo mwingine wowote. Kisha katika kisanduku cha B2 cha karatasi ya Bidhaa inaandikwa fomula hii, na kuburutwa kwenda chini:

```
=SUMIFS(Ingia!C:C,Ingia!B:B,A2)-SUMIFS(Toka!C:C,Toka!B:B,A2)
```

Maana yake ni kwamba Excel inajumlisha idadi yote iliyoingia kwa jina lililo A2, halafu inatoa idadi yote iliyotoka kwa jina hilohilo. Ikiwa saruji ilianza na mifuko 40, ikaongezeka 60, kisha ikauzwa 12, 7 na 25, salio lisomeke 56. Kompyuta nyingine, kutokana na mpangilio wake wa nchi na lugha, hukataa alama ya mkato ndani ya fomula na kutaka nukta mkato. Ukijua hilo mapema hutapoteza dakika 20 mbele ya wanafunzi waliolipa.

Wewe utaona kwamba hilo ni dogo mno kulipisha fedha. Wengi wanaojua kueleza hufikiri hivyo, na ndiyo sababu masomo yao hujaa vitu ambavyo mwanafunzi hakuviomba. Anayelipia hapa hanunui fomula, kwa kuwa fomula angeipata bure. Ananunua mtu wa kukaa karibu yake pale salio litakapokataa, na litakataa. Kwa hiyo nusu ya thamani ya somo lako iko katika makosa, na ni lazima uyajue kabla yao.

Kosa la kwanza ni majina. Siku moja mwenye duka ataandika "Saruji 32.5", siku nyingine "Cement", na siku ya tatu "Saruji 32.5" yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho halioni. Kwa Excel hizo ni bidhaa tatu, na salio la saruji litakuwa kubwa kuliko lililo stoo kwa sababu mauzo mengine hayakuhesabiwa. Herufi kubwa na ndogo hazina shida katika fomula hii. Wanafunzi watakuuliza, basi wajibu bila kusita. Dawa ya majina ni kutoyaandika kwa mkono: katika safu ya B ya Ingia na ya Toka unaweka orodha ya kuchagua kupitia Data, kisha Data Validation, kisha List, ikichota majina kutoka karatasi ya Bidhaa. Kosa la pili ni idadi iliyoandikwa pamoja na kipimo. Mtu akiandika "mifuko 5" katika safu ya C, Excel huiona kama neno, huiruka na wala haimwambii kitu. Utaitambua kwa haraka ukitazama safu: namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa kushoto. Mfundishe mwanafunzi kuikagua safu hiyo kwa macho kila jioni, naye ataweza kujitibu bila kukupigia simu.

Sasa saa zako 3. Usianze na historia ya Excel wala na majina ya vitufe. Anza na faili lililokamilika, lenye bidhaa za duka la kubuni, na kila mmoja aingize mauzo matatu na kuona salio likibadilika. Hilo huchukua kama dakika 15, na baada yake hakuna atakayeuliza kwa nini anahangaika na karatasi tatu. Kisha walifunge na kulijenga upya kwa mikono yao, kisanduku kwa kisanduku, mpaka salio la kwanza litokee. Hapo kuna mapumziko ya chai. Baada ya chai, kila mmoja anatoa ukurasa wa daftari lake, uliomwambia aje nao, wenye bidhaa 10 na miamala ya siku chache, na kuuingiza katika faili lake. Mwishoni unawapa faili ulilolivuruga makusudi kwa makosa mawili niliyoyataja, watafute kwa nini salio si sahihi. Dakika 15 za kufunga ni za kuhifadhi nakala katika flashi au kujitumia faili, kwa sababu kompyuta ya dukani ndiyo hiyohiyo ambayo watoto huchezea.

Katika mpango huo, sehemu ya bidhaa zao wenyewe ndiyo utakayojaribiwa kuikata pale muda utakapobana. Usiikate. Ukichelewa, acha zoezi la faili lililovurugwa ulitume nyumbani. Mtu aliyeondoka na faili la duka la kubuni atalionyesha kwa marafiki mara moja na kulisahau, ila aliyeondoka na bidhaa zake 10 amebakiza kuongeza nyingine tu.

Kuna jambo moja la ufundishaji ambalo nataka ulitilie maanani kuliko mengine, kwa sababu wewe unasifiwa kwa kueleza. Sifa hiyo inaweza kukudanganya. Anayekusikiliza ukieleza vizuri hujisikia ameelewa, na kwa heshima tuliyolelewa nayo, ukiuliza "Tumeelewana?" kundi zima litaitikia "Ndiyo, mwalimu", akiwemo yule ambaye bado anatafuta alama ya kutoa kwenye kibodi. Mtu mzima mwenye duka lake hatakubali aonekane nyuma mbele ya jirani yake. Kwa hiyo liondoe swali hilo kinywani mwako kabisa. Badala yake uliza: "Kwako saruji inasoma ngapi?" na umsikie kila mmoja akitaja namba. Wakisema 56, 56, 81, 56, unajua pa kwenda bila kumwaibisha mtu: unasogea kwa aliyesema 81, unatazama safu ya C ya karatasi ya Toka, na utakuta ile 25 imekaa kushoto kwa kuwa ameiandika "mifuko 25". Baada ya kueleza kila hatua, nyamaza na utazame mikono. Wala usishike kipanya cha mwanafunzi. Ukishakishika wewe, hatua hiyo imefanyika kwako na si kwake, na siku ya Jumatatu atakutafuta.

Kwa sababu hiyohiyo kundi lako la kwanza lisizidi watu 6, na kila mmoja awe na kompyuta yake. Wawili wakishirikiana kompyuta moja, mmoja hujifunza na mwingine hutazama. Kama haiepukiki, wabadilishane kiti kila baada ya hatua moja, na wewe usimamie mabadilishano hayo. Waambie wachaji betri zijae kabla ya kuja, kwani umeme una tabia zake. Projekta haihitajiki kwa watu 6 wanaokaa kuizunguka meza moja.

Tufike kwenye bei. Nitatumia mfano wa makisio, nawe uweke bei za mtaani kwako. Tuchukulie ukumbi mdogo wenye meza na umeme kwa mchana mmoja ni shilingi 30,000, nauli 4,000, na vocha ya simu 5,000. Hizo 39,000 utazilipa hata akija mtu mmoja. Kwa kila mwanafunzi kuna karatasi za kuchapisha 1,500 na chai na vitafunwa 2,000, jumla 3,500. Ukitoza 20,000, kila mwanafunzi anakuachia 16,500. Mwanafunzi wa tatu ndiye anayekutoa kwenye hasara, kwa kuwa wawili wanaleta 33,000 tu. Wakiwa 6, umepokea 120,000, umetumia 60,000, na imebaki 60,000.

Watu wengi huishia hapo na kufurahi, ilhali hesabu haijaisha. Uliandaa kwa saa 3, ukafundisha saa 3, ukajibu simu na kukusanya malipo kwa saa 2. Shilingi 60,000 kwa saa 8 ni 7,500 kwa saa. Lakini mara ya pili unapofundisha somo lilelile, maandalizi yanashuka hadi saa 1, na 60,000 ileile sasa ni ya saa 6, yaani 10,000 kwa saa. Ongezeko hilo hukulipata kwa kupandisha bei wala kwa kujaza watu. Ndiyo maana nilikukataza kundi la kila mwezi: lingekurudisha kwenye saa 3 za maandalizi kila wiki.

Je, ungeongeza watu mpaka 8? Ungepokea 160,000 na gharama zingefika 67,000, hivyo ingebaki 93,000. Lakini kwa watu 8 huwezi kuzunguka peke yako bila mtu kukaa dakika 10 akiwa amekwama, kwa hiyo utahitaji msaidizi. Ukimlipa 20,000, unabakiwa na 73,000, ambayo ni nyongeza ya 13,000 kwa usumbufu wa kusimamia mtu mwingine. Mimi ningebaki na 6 kwa miezi ya mwanzo. Bei nayo ningeipandisha pale tu makundi mawili mfululizo yatakapojaa na watu kubaki nje, kwa kuwa hapo unapata ushahidi badala ya matumaini.

Jirani zako wa sasa, waliozoea kupata bure, ndio watakaokusumbua zaidi, na hapa utahitaji mpaka unaoweza kuusema bila kugombana. Nakupendekezea huu: swali linalojibika kwa ujumbe mmoja wa sauti ni la bure, na linalohitaji ufungue faili la mtu ni somo. Unaweza kumjibu hivi: "Shikamoo baba, hilo la salio kuwa kubwa linahitaji nilione faili lako. Jumapili hii nina kundi, nafasi zimebaki mbili, karibu." Hujamkatalia, na hujampa saa yako moja kwa shukrani. Baadhi wataacha kuuliza. Waache, kwani hao hawakuwa wateja.

Malipo yakusanywe kabla, na nafasi ishikwe na malipo wala si na ahadi. Mtu anayesema "nitakuja, nitalipia hapohapo" anasema kweli kwa siku anayosema, lakini Jumapili mchana kuna msiba, kuna mgeni, kuna mzigo umeingia. Ukimwekea nafasi, umemnyima aliyekuwa tayari, na kwa watu 6 kukosekana kwa wawili kunakupunguzia zaidi ya nusu ya faida: kutoka 60,000 hadi 27,000. Kanuni ya kurudisha fedha iandike katika tangazo lenyewe: akighairi kabla ya Ijumaa anarudishiwa yote, baada ya hapo anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake. Kama utapokea kwa simu, tumia Lipa Namba au laini ya pembeni, usichanganye na fedha zako za nyumbani. Tena uwe na daftari lenye safu mbili za majina, la aliyetuma fedha na la atakayehudhuria, kwa sababu mara nyingi mwenye duka hulipa na muuza duka ndiye anayekuja. Usipoyaandika yote mawili utamgeuza mlangoni mtu aliyelipiwa.

Huyo muuza duka anayetumwa ni jambo la kulifikiria. Yeye ndiye atakayeingiza mauzo kila siku, kwa hiyo anakuhusu kuliko bosi wake. Lakini bosi asipojua faili linavyosomwa, ataendelea kudai daftari la karatasi, na kijana ataandika kotekote, daftarini na kwenye faili, kwa wiki moja kisha ataacha. Ningewapa wawili wa duka moja bei ya 30,000, wakiwa na kompyuta moja, na hapo ndipo kubadilishana kiti kunapokuwa na maana: muuza duka anaingiza, bosi anasoma salio.

Mafunzo ya mtu mmoja mmoja yapokee, lakini yapigie hesabu kwa mzani uleule. Ukienda dukani kwake, saa 2 za somo hugeuka saa 4 ukiweka njia na mazungumzo. Kwa 7,500 kwa saa hiyo ni 30,000 kabla ya nauli, kwa hiyo chini ya 35,000 ungekuwa umemlipia mteja sehemu ya somo lake. Hatari nyingine ya mafunzo hayo ni kwamba hugeuka polepole kuwa kazi. Anakuomba urekebishe faili la mwaka jana, uingize madeni, umpangie bei. Hiyo ni huduma ya uhasibu, ina bei yake, na ni vizuri useme hivyo mapema: "Leo tunajifunza, kurekebisha faili la zamani ni kazi ya siku nyingine, nitakupa makisio yake."

WhatsApp inabaki na kazi yake, ila baada ya somo. Fungua kundi la watu 6 hao kwa wiki 2, uwaambie tarehe ya kulifunga siku ya kwanza, na uwape kazi moja: kila Jumatano jioni watume picha ya karatasi yao ya Bidhaa. Waruhusu wafunike majina au idadi kwa kidole wakitaka, kwa kuwa wanaweza kuwa washindani wa mtaa mmoja. Picha hizo zitakuonyesha mengi. Zile zenye salio hasi, kwa mfano, mara nyingi zinatoka kwa mtu aliyesahau kuingiza mzigo wa kuanzia. Faili tupu la kuanzia na video fupi uliyojirekodi wape bila kuhofia kwamba watazisambaza. Watazisambaza kweli, na ulinzi wowote utakaouweka utawasumbua waliolipa kuliko wasiolipa. Anayepokea faili hilo bila somo atakwama kwenye majina, na jina lako pamoja na namba ya kujiandikisha viwe vimeandikwa juu ya karatasi ya kwanza.

Yapo mambo matatu ya kujilinda. Kwanza, usitumie faili la mwajiri wako kama mfano, hata ukiwa umefuta jina la duka. Bei za kununulia, majina ya wasambazaji na madeni ya wateja ni siri za biashara yake, na baadhi ya wanafunzi wako wananunua mzigo palepale anaponunua yeye. Tengeneza duka la kubuni, na usome mkataba wako wa ajira uone unasemaje juu ya kazi za pembeni. Ikiwezekana mweleze mwajiri kabla hajasikia kwa mtu. Pili, usijiite chuo, wala usitoe cheti chenye sura ya vyeti vya VETA. Usajili wa vyuo vya ufundi Tanzania una mamlaka yake, NACTVET, na somo lako la mchana mmoja halihitaji kuvaa vazi hilo. Mtu akitaka uthibitisho, karatasi inayosema amehudhuria somo la tarehe fulani inatosha. Tatu, nenda ofisi ya TRA ukiwa na TIN yako ueleze kwamba una kipato cha kufundisha nje ya mshahara, na ushike kumbukumbu za mapato tangu kundi la kwanza. Wewe ni mhasibu, hapo sina la kukufundisha.

Shukrani za jioni ya somo usizitumie kupima mafanikio, kwa sababu kila mtu hushukuru. Wiki 2 zikiisha, hesabu ni wangapi kati ya 6 bado wanaingiza mauzo. Wakiwa 4 au zaidi, tangaza kundi la pili bila kubadilisha kitu, na uwaombe hao 4 ruhusa ya kutumia picha zao katika tangazo. Wakiwa 2, usitangaze. Wapigie walioacha, uulize siku gani waliacha na walikuwa wanaingiza nini. Kama wote waliacha siku ulipoingia mzigo mkubwa wenye bidhaa mpya, maana yake hawakujua kuongeza jina jipya katika orodha ya kuchagua, na hapo unahitaji dakika 10 zaidi za hatua hiyo. Kama waliacha kwa sababu duka lina wateja wengi na hakuna nafasi ya kuandika kila mauzo, wafundishe kuingiza jumla ya siku kwa kila bidhaa wakati wa kufunga, kutoka katika vitabu vyao vya risiti.

Somo la pili litengeneze pale walewale waliomaliza la kwanza watakapokuuliza swali moja kwa wingi. Nadhani litakuwa la wateja wanaokopa: nani anadaiwa kiasi gani na tangu lini. Faili lake linajengwa kwa karatasi tatu zilezile, jina la mteja likichukua nafasi ya jina la bidhaa, mkopo ukichukua nafasi ya mzigo ulioingia na malipo nafasi ya uliotoka. Kwa hiyo maandalizi yake kwako ni ya jioni moja, na kwa mwanafunzi aliyepita somo la kwanza saa 2 zitamtosha.